Naomba ushauri: mkazo wa mshipi katika gemu langu la kijiji unawachosha wachezaji

FundiGemu (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninatengeneza gemu la simu kuhusu kijiji cha pwani, ambamo mchezaji analima mihogo, anaangua nazi, anawatembelea majirani, na jioni anaweza kuingia kwenye ngalawa akavue kwa mshipi wa mkono. Gemu zima ni la kupumzikia, lakini sitaki uvuvi uwe wa kugusa kioo na kupewa samaki, kwa sababu bila wasiwasi kidogo wa kumkosa, kumpata hakuna ladha.

Mchezaji anashusha ndoano, anasubiri samaki adonoe chambo, kisha anagusa kioo ili amnase. Hapo kinatokea kipimo cha mkazo kinachoanzia 0 hadi 1. Akiweka kidole anavuta, na mkazo unapanda; akiinua kidole mshipi unalegea, na mkazo unashuka. Samaki huchoka pale tu mkazo unapokuwa kati ya 0.35 na 0.75. Ukifika 0.9 mshipi unakatika papo hapo, na ukikaa chini ya 0.15 kwa sekunde 2 samaki anachomoka. Changu anavuta kidogo kidogo, ilhali kolekole ana mbio za sekunde 1.2, na kila mbio huongeza mkazo kwa kasi ya 0.5 kwa sekunde.

Watu niliowapa walijaribu wamenirudishia malalamiko yanayopingana. Wenye simu za zamani wanasema changu ni rahisi mno, lakini wanaapa kwamba kolekole hukata mshipi hata wakiwa wameshainua kidole. Wenye simu mpya wanasema hata changu anawashinda, na kwamba wakilegeza kidogo tu samaki anachomoka. Ninatumia Godot, na sehemu inayohusika ni hii:

```gdscript
func _process(delta):
    if ameshika:
        mkazo += 0.008
    else:
        mkazo -= 0.010
    mkazo += mvuto_wa_samaki * delta
```

Mshipi ukikatika, mchezaji hupoteza ndoano na chambo, kisha hurudi dukani kununua vingine. Je, nipunguze mkazo, niuondoe kabisa, au tatizo liko kwingine? Pia ningependa kusikia mawazo yenu juu ya zawadi.

Upepo_wa_Kusi

Ushauri wangu ni kwamba uondoe kipimo chote. Katika Animal Crossing hakuna mkazo wowote: unaona kivuli cha samaki majini, anadonoa, boya linazama, unabonyeza, basi. Anaweza kudonoa hadi mara nne kabla ya kumeza, na mara ya tano ni lazima ameze, hivyo mchezaji anakaa roho juu bila kuhitaji kupigana na samaki. Gemu hilo ni la kupumzikia na hakuna anayepoteza kitu.

Mzee_wa_Mkondoni

Mwanangu, sijui kama umeshawahi kumvua kolekole, lakini hapo unapovuta wakati anakimbia ndipo unapoharibu. Kolekole akikimbia havutwi, anapewa mshipi. Unauacha upite vidoleni huku umeubana kidogo tu, asije akapata nafasi ya kutema ndoano, na akigeuka ndipo unaanza kuvuta pima kwa pima. Sisi tunavaa vipande vya mpira wa baiskeli vidoleni, maana mshipi unakata nyama. Na kabla hajakimbia utamhisi: mshipi unaacha kucheza, unakuwa mzito, halafu unaanza kwenda upande. Angalia pia chubwi lako lisiwe zito kupita kiasi, kwa sababu hutahisi kitu. Unavulia wapi, na wakati wa bamvua au maji mafu?

FundiGemu

Shikamoo mzee. Mimi natengeneza mchezo wa kwenye simu, siendi baharini, lakini hayo uliyosema ya mshipi kuwa mzito kabla ya mbio sikuyajua na yananifaa sana.

Mahesabu

Ndugu FundiGemu, malalamiko yako hayapingani, yote mawili yanatoka kwenye mistari hiyo ya msimbo. `_process` huitwa kila fremu inapochorwa. Mvuto wa samaki umeuzidisha kwa `delta`, kwa hiyo ni uleule kwenye kila simu. Mkono wa mchezaji hukuuzidisha, kwa hiyo nguvu yake inategemea simu aliyonayo.

Fuatana nami kwa kolekole yuleyule. Kwenye simu ya fremu 60 kwa sekunde, kuinua kidole kunapunguza mkazo kwa 0.60 kwa sekunde. Samaki anaongeza 0.5, hivyo mkazo unashuka polepole, jambo ambalo bila shaka ndilo ulilokusudia. Kwenye simu ya zamani inayochora fremu 30, kuinua kidole kunapunguza 0.30 tu huku samaki akiongeza 0.5 ileile. Mkazo unaendelea kupanda ingawa mchezaji ameachia, na mbio za sekunde 1.2 zinauongeza kwa 0.24. Aliyekuwa kwenye 0.7 anakatikiwa bila kosa lolote, kwa hiyo wanaoapa kwamba waliachia wanasema kweli. Kwenye kioo cha fremu 120, kuvuta kunaongeza 0.96 kwa sekunde na kuachia kunaondoa 1.2, kwa hiyo kila mguso unakuwa mkali maradufu. Rekebisha hivi:

```gdscript
var kasi = 0.48 if ameshika else -0.60
mkazo = clampf(mkazo + (kasi + mvuto_wa_samaki) * delta, 0.0, 1.0)
```

Usibadilishe namba nyingine yoyote kabla ya kufanya hivyo, kwa sababu hutajua unapima samaki au unapima simu.

Hata baada ya hapo bado utakuwa na tatizo la pili. Mchezaji yuko kwenye 0.6, ameshika, na kolekole anaanza mbio. Mkazo unapanda kwa 0.98 kwa sekunde, kwa hiyo anafika 0.9 baada ya takriban sekunde 0.31. Mtu wa kawaida huhitaji kama robo sekunde kuitikia anachokiona, na simu yenyewe huongeza ucheleweshaji wake kati ya kidole na kioo. Unamdai aitikie ukomoni kabisa mwa uwezo wake, kila mara, katika gemu alilolifungua ili apumzike.

Dawa ameshakupa mzee hapo juu. Weka ishara kama sekunde 0.4 kabla ya mbio: mshipi uache kucheza, uanze kwenda upande, sauti ya maji ibadilike, na simu itikisike kidogo kwa sababu wengi hucheza bila sauti. Kisha usikate mshipi papo hapo kwenye 0.9, ukate iwapo mkazo umekaa juu ya hapo kwa sekunde 1.2 mfululizo. Mchezaji akikosa ishara na kuchelewa kuachia kwa sekunde 0.35, mkazo utafika karibu 0.94, kisha utashuka na kurudi chini ya 0.9 baada ya kama nusu sekunde. Moyo umemwenda mbio, lakini samaki bado anaye. Mkazo wa namna hiyo unafaa kijijini.

Kuhusu Animal Crossing, ndugu Upepo_wa_Kusi amesema kweli juu ya kudonoa mara nne na ya tano kuwa ya uhakika, na utaratibu huo ningeuchukua kwa sehemu ya kusubiri. Lakini si kweli kwamba hakuna anayepoteza: ukibonyeza samaki akiwa bado anadonoa, au ukichelewa boya likishazama, anakimbia. Kinachofanya isiumize ni kwamba adhabu ni ndogo na unatupa tena palepale. Kwako wewe, kumkosa samaki si adhabu kubwa. Adhabu kubwa ni ile safari ya kurudi dukani. Mshipi ukikatika, achukue chambo tu.

Bi_Mkunde

Nami nina langu, ndugu zangu. Baba yangu anapenda sana magemu ya namna hii, lakini vidole vyake vinatetemeka na hawezi kushikilia kioo kwa muda mrefu, hivyo sehemu za uvuvi hunipa mimi nimchezee. Naomba uweke chaguo la kugusa mara moja kuanza kuvuta na kugusa tena kuachia. Na tafadhali usimpunguzie zawadi anayetumia chaguo hilo. Gemu moja lilifanya hivyo, baba akaona kama anaadhibiwa kwa uzee wake.

Upepo_wa_Kusi

Hapo sikubaliani kikamilifu, dada. Kama njia nyepesi inalipa sawa na ngumu, kila mtu ataichagua nyepesi, na kipimo cha mkazo kitakuwa kimetengenezwa bure.

Mahesabu

Alichoomba Bi_Mkunde hakibadilishi ugumu wa samaki, kinabadilisha namna ya kushika tu, kwa hiyo zawadi ibaki vilevile. Kama utaongeza na njia ya samaki kujivuta mwenyewe, hilo ni swali jingine, na mimi mwenyewe sina msimamo mmoja juu yake.

Kwenye zawadi nina onyo moja. Ukimpa samaki adimu nafasi ya asilimia 5 kwa kila mnaso, baada ya minaso 20 karibu wachezaji 36 kati ya 100 watakuwa bado hawajamwona, na baada ya 40 watabaki kama 13. Hao 13 ndio watakaoandika kwamba gemu lako ni bovu. Tangu mnaso wa kumi usio na bahati, ongeza asilimia 1 kila mara hadi ampate, kisha urudishe kwenye 5. Afadhali zaidi, mfunge samaki huyo na majira ambayo mchezaji anaweza kuyajua, kwa mfano bamvua ya mwezi mpevu kwa kalenda ya ndani ya gemu. Usitumie saa halisi, kwa sababu mwenye zamu ya usiku hatampata kamwe.

Fedha usiitegemee sana. Kama ndoo ya changu inalipa kuliko shamba la mihogo, watu wataacha kulima na kukaa ngalawani siku nzima, na kitu cha kupumzikia kitageuka kibarua. Acha bei ya samaki ishuke kadiri anavyouza wengi siku hiyohiyo, na zawadi yenye uzito itoke kwa majirani: mmoja anataka tasi wa kukaanga, mwingine ana wageni na anaomba kolekole.

FundiGemu

Nimebadilisha ile mistari na kujaribu kwenye simu mbili, ya zamani na mpya. Kolekole sasa ni yuleyule kwenye zote, na nikiachia mkazo unashuka. Mguso wa kuanza na kuachia nitauweka bila kupunguza zawadi. Kuhusu bei kushuka bado nasita, kwa sababu mchezaji mgeni anaweza kudhani muuzaji anampunja, na sitaki kumwekea maelezo marefu dukani.

Mzee_wa_Mkondoni

Muuzaji aseme tu kwamba leo samaki wamejaa sokoni. Kila mtu wa pwani ataelewa. Na huyo kolekole wa kwenye simu, akishamaliza mbio za kwanza asikubali kuvutwa moja kwa moja. Akiiona ngalawa hukimbia tena, na wengi humkosea hapo.

FundiGemu

Asante mzee. Nitaongeza mbio fupi ya pili karibu na ngalawa, ya sekunde 0.6, nayo itakuwa na ishara yake. Nitaweka toleo la kujaribu hapa likishakamilika. Bi_Mkunde, ningefurahi sana kama baba angekuwa wa kwanza kulijaribu.