UZI WA MALALAMIKO: Namba ya uthibitisho inafika ikiwa imeshakufa, mtoa huduma anasema "ni ulinzi"

MzeeWaKontena (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo yamenifika hapa, mnivumilie. Sisi ni ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini Dar. Kuna wakala wa meli ambaye kila ukitaka kuingia kwenye tovuti yake anakutumia namba ya uthibitisho kwa barua pepe. Namba inaishi dakika 10. Barua pepe yetu, tunayoilipia kila mwezi kwa kampuni ambayo sitaitaja, inaileta baada ya dakika 16! Ukiiweka unaambiwa muda umeisha. Ukiomba nyingine, kimya. Huku mteja anapiga simu, na demureji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, haina habari na matatizo ya barua pepe zetu.

Nimefungua tiketi. Jibu: "Mfumo unafanya kazi kama ulivyopangwa, tunatumia orodha ya kijivu kuzuia spamu." Aliyepanga nani, na mimi nalipia nini? Nilipokaza wakanitupia vipande vya logi, nadhani walitegemea nitanyamaza. Anwani na majina nimebadilisha:

```
10:02:11 action=greylist, reason=new, client_address=203.0.113.14
10:03:26 action=greylist, reason=early-retry (225s missing), client_address=203.0.113.14
10:18:40 action=pass, reason=triplet found, delay=989, client_address=203.0.113.14
```

Kwa nini seva ninayoilipia inamfukuza mtu ninayemsubiri? Na nani ana uwezo wa kuizuia isimfukuze tena? Wanaokuja na "angalia folda ya spamu" wapite mbali.

mamaNeema

Pole kaka. Hapo IP yenu imeingia orodha nyeusi. Sisi ilitupata mwaka jana, barua zetu zilikuwa zinagoma kufika kwa wateja. Nenda kaombe itolewe, wanachukua siku mbili tatu.

MzeeWaKontena

Dada asante, ila ninazotuma mimi zinafika vizuri tu. Tatizo ni zinazokuja.

Bwana_Foleni

Mkuu, hiyo ni Postgrey, programu inayoendesha hiyo orodha ya kijivu, na logi yako inasema kila kitu. Saa 10:02:11 seva ya wakala imebisha hodi. Postgrey ikatazama vitu vitatu: imetoka IP gani, mtumaji aliyetajwa ni nani, mpokeaji ni nani. Utatu huo haijawahi kuuona, ikajibu kwa namba 450, yaani "sasa hivi sipokei, rudi baadaye". Haijaitupa barua wala kuiweka popote. Barua imebaki kwenye foleni ya wakala, na ndiyo maana hata ukipekua seva yako usiku kucha hutaiona.

Hesabu yao ni kwamba programu nyingi za kumwaga spamu hazina foleni. Zikiambiwa rudi baadaye zinahamia kwa mwingine. Seva halisi lazima irudi. Evan Harris aliitoa hoja hii mwaka 2003 na enzi zile ilifagia spamu nyingi kwelikweli.

Sasa hasira yako ielekeze panapostahili. Postgrey ikiachwa ilivyo inataka zipite sekunde 300 tu, dakika tano. Mstari wako wa pili, 10:03:26, ni sekunde 75 baada ya hodi ya kwanza, ndiyo inakwambia bado 225. Bila shaka hapo ulibonyeza "tuma tena". Kuanzia 10:07:11 mlango ulikuwa wazi. Zile dakika kumi na moja za juu yake ni za ratiba ya foleni ya wakala. Seva za barua hutofautiana. Exim, kwa mfano, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida inajaribu tena kila baada ya dakika 15 katika saa mbili za kwanza. Postfix hungoja angalau sekunde 300, na ikiendelea kukataliwa muda unarefuka hadi sekunde 4000. Kwa hiyo mtoa huduma wako akikuahidi "ucheleweshaji ni dakika tano" anaahidi kitu kisicho mikononi mwake.

MzeeWaKontena

Kumbe! Na mimi nilikuwa nabonyeza "tuma tena" kila dakika. Niliharibu?

Bwana_Foleni

Hapana, saa inahesabiwa tangu hodi ya kwanza, ukibonyeza mapema hairudishwi nyuma. Kwa dharura fanya hivi: omba namba, ngoja dakika sita, omba tena. Barua mpya ina utatu uleule, mlango umeshafunguka, inaingia papo hapo. Ila jihadhari, ile ya kwanza bado iko kwenye foleni ya wakala na itakuja baadaye ikiwa na namba iliyokufa. Watu wengi huichukua hiyo kwa sababu ndiyo iliyo juu kwenye kikasha, halafu wanaapa kwamba tovuti ni mbovu.

Kuna kichekesho hapo hapo. Fungua vichwa vya barua utafute mstari huu:

```
X-Greylist: delayed 372 seconds by postgrey
```

Postgrey huuweka kwenye barua ya kwanza kupita. Ukifuata mbinu yangu, utaukuta kwenye barua mpya ambayo haikungoja hata sekunde, na ile iliyolala foleni haitakuwa nao. Ukitaka ukweli linganisha saa za mistari ya `Received:`, pengo utaliona kati ya seva yao na yako.

JongooBarabarani

Mnazunguka. Orodha ya kijivu imepitwa na wakati. Spamu ya siku hizi inatoka kwenye akaunti halisi zilizoibiwa, inapitia seva halisi, na hizo zinarudi bila wasiwasi. Waambie wazime, basi. Mimi nimezima na sijaona tofauti.

Bwana_Foleni

Nusu nakubaliana nawe. Spamu ya akaunti zilizoibiwa haiguswi kabisa, hilo kweli. Lakini kompyuta za majumbani zilizoambukizwa bado zinapiga hodi, na nyingi hazirudi. Kwenye seva ninazozitunza nikisoma logi naona rundo la `reason=new` lenye majina ya ajabu ambayo hayatokei tena. Wewe umezima ukiwa na visanduku vingapi?

JongooBarabarani

Viwili. Lakini hoja iko palepale.

Kipanga254

Mimi niko Nairobi, nauza vipuri vya matrekta. Yangu ni tofauti kidogo: wateja wa zamani hawana shida, ni wale wapya. Mtu anaomba bei kwa mara ya kwanza, barua inachelewa nusu saa, akikosa jibu ananunua kwa jirani. Natumia cPanel, paneli ya kujisimamia tovuti na barua pepe, na kule kuna ukurasa wa `Configure Greylisting` ambapo nilizima kwa domeni yangu peke yangu bila kuomba mtu ruhusa. Mzee, hebu uangalie kama unayo.

MzeeWaKontena

Sisi hatuna cPanel, tumepewa ukurasa wa kubadilisha nywila tu. Hata hiyo inagoma ikijisikia. Nimewaandikia tena nikadai wakala asamehewe. Wamejibu "tumeiweka anwani ya mtumaji noreply@ kwenye orodha nyeupe". Imekaa sawa hiyo?

Bwana_Foleni

Haijakaa sawa hata kidogo. Anwani ya mtumaji kila mtu anaweza kujiandikia, haina mlinzi. Mwizi wa namba za siri akijiita noreply@ ya wakala huyo anapita moja kwa moja. Wasamehe mashine, ama kwa IP ama kwa jina la seva lililohakikiwa na DNS pande zote mbili. Kwenye Postgrey ni mistari miwili, halafu `systemctl reload postgrey`:

```
# /etc/postgrey/whitelist_clients.local
203.0.113.0/24
/^mta[0-9]+\.example\.com$/
```

Anayeogopa kutoa msamaha ajiulize mtihani wenyewe unapima nini. Unapima kitu kimoja: mtumaji anarudi au harudi? Wakala wako tumeshamwona anarudi. Kumsamehe hakupunguzi ulinzi wowote, na vichujio vingine vya spamu vinaendelea kumkagua kama kawaida. Ndiyo maana namba za uthibitisho ni za kusamehe bila mjadala, sawa na mifumo ya kizamani inayotuma mara moja na kukata tamaa, maana barua zake hazitafika kabisa. IP za majumbani zenye majina ya namba namba, hizo usiziguse.

MzeeWaKontena

Wameweka IP moja, 203.0.113.14. Jana imefanya kazi. Leo asubuhi nimetumiwa logi hii:

```
08:41:02 action=greylist, reason=new, client_address=198.51.100.7
08:47:15 action=greylist, reason=new, client_address=192.0.2.40
08:58:33 action=greylist, reason=new, client_address=198.51.100.9
08:58:33 action=pass (haipo!!)
```

Huo mstari wa mwisho nimeuandika mimi kwa hasira. Saa tatu imepita na sina namba!

Bwana_Foleni

Huo wa kwako umenichekesha, lakini wa tatu ndio unanishangaza. Kwanza jambo lililo wazi: wakala anatuma kupitia kampuni kubwa yenye seva nyingi, na kila jaribio linatoka mlango mwingine. Postgrey kwa kawaida hutazama sehemu tatu za mwanzo za IP, kwa hiyo 198.51.100.7 na 198.51.100.9 kwake ni mtu mmoja. Zimepita dakika 17, ile ya tatu ilitakiwa ipite. Haikupita, na imeitwa mpya. Ama mtoa huduma wako ameiwasha `--lookup-by-host`, ambayo inatazama IP nzima, ama sehemu ya mtumaji inabadilika kwa kila barua. Waulize yote mawili.

JongooBarabarani

Au wazime.

Bwana_Foleni

Au wasamehe kundi zima la seva za hiyo kampuni kubwa. Orodha yake utaipata kwenye rekodi ya SPF ya domeni ya wakala, ile inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake:

```
dig +short TXT example.com
```

Fuata kila `include:` mpaka uzione IP zenyewe.

Kipanga254

Lakini boss, hizo IP wanatumia wateja wengi wa hiyo kampuni. Si utakuwa umewafungulia wote, na walaghai wamo?

Bwana_Foleni

Wamo. Ila seva zile zingerudi tu, kwa hiyo walikuwa wanaingia hata kabla ya msamaha, wakichelewa kidogo. Ninachokubali ni kwamba orodha hizo hubadilika, na mtu asipozipitia mara kwa mara anarudi palepale.

mamaNeema

Sasa mbona sisi walipotutoa orodha nyeusi barua zikafika vizuri?

MzeeWaKontena

Dada, yako ni nyingine, nitakueleza pembeni. Bwana_Foleni, nimewaandikia hivi, nirekebishe: "Naomba kujua kama `--lookup-by-host` imewashwa. Naomba mstari kamili wa logi ya 08:58:33 wenye sehemu ya sender. Naomba msamehe IP zote zilizo kwenye SPF ya wakala, na muondoe noreply@ kwenye orodha nyeupe."

Bwana_Foleni

Ongeza moja: waambie watazame `--max-age`. Kawaida ni siku 35. Utatu usipoonekana kwa muda huo unasahaulika, na meli inayokuja kila wiki sita itakutana na 450 upya kila safari.

MzeeWaKontena

Nimeongeza na nimetuma. Wamenijibu kwamba tiketi imepokelewa na itashughulikiwa ndani ya saa 48. Kontena linatoka kesho.