Nililipa niandikiwe esei, nikaletewa ya kunakili, sasa wananidai pauni 600 la sivyo wananisemea chuoni

Mgeni_wa_Baridi
Wakuu, habari za jioni. Akaunti hii nimeifungua leo kwa ajili ya jambo hili tu, mnisamehe.

Nasoma masta Uingereza, chuo nakihifadhi. Mwezi uliopita tulikuwa na esei ya maneno 3,000 na mimi wiki ile nilikuwa na zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuna dada kwenye grupu letu la WhatsApp akaniunganisha na mtu wanayemwita Mwalimu. Bei pauni 180. Nikatanguliza 60 kwa kadi kupitia linki yao, na 120 nikazituma kwenye namba ya simu ya Kenya. Wakaomba pia nywila ya akaunti yangu ya chuo, eti wapakue slaidi za mhadhiri. Nikawapa.

Kazi ilitakiwa saa sita mchana, wao wakaileta saa tatu asubuhi pamoja na ripoti ya Turnitin inayosema kilichofanana na kazi nyingine ni asilimia 4. Sikuwa na muda wa kusoma. Nikapandisha. Ya chuo ikatoka asilimia 41, na nimepata barua pepe ya kuitwa kwenye kikao Jumanne ijayo.

Nikamwandikia Mwalimu anirudishie hela, nikamwambia asiporudisha naenda benki kudai ile 60. Hata dakika kumi hazikupita, nikajibiwa hivi: "Dada, tuongee kama watu wazima. Pauni 600 kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Barua ya mkuu wa idara yako iko tayari, imebaki kubonyeza tu. Tusingependa ifike kabla ya Jumanne." Chini yake skrinshoti ya barua yenyewe, jina langu na namba yangu ya usajili vimo, na mazungumzo yetu yameambatanishwa.

Nina pauni 350 tu. Nilipe nusu? Na kwenye kikao niseme nini?

Kifaru_Mzee
Ada milioni hamsini, halafu esei unampa mtu wa WhatsApp. Mzazi wako anajua?

Tuliza_Boli
Kifaru acha, mtu kashaumia. Dada, mimi ningempa 200 kwanza nimwambie nyingine mwisho wa mwezi. Ukishavuka Jumanne unambloku. Na kikaoni sema ulinakili mwenyewe kwa sababu ya uchovu. Kunakili adhabu yake ndogo, unapewa sifuri unarudia. Ukitaja kununua wamekufukuza.

Kalamu_Nairobi
Tuliza, hapo umempotosha kwa nia njema.

Nimeandikia hawa watu miaka minne hapa Nairobi, nikaacha, kwa hivyo wacha niwaambie inavyokwenda. Huyo Mwalimu kuna uwezekano mkubwa hajaandika hata mstari. Yeye ana akaunti na wateja, kazi anawarushia waandishi. Kwetu ukurasa mmoja ni maneno 275, kwa hivyo esei yako ni kurasa kumi na moja. Mimi nilikuwa nalipwa shilingi 350 kwa ukurasa. Piga hesabu: mwandishi anapata kama 3,850 za Kenya, na wewe ulitoa 180 za pauni. Zinazobaki ni za Mwalimu. Sasa kazi ikija usiku na inatakiwa asubuhi, mwandishi afanyeje? Anafungua foda la kazi za zamani, anatafuta inayofanana, anabadilisha utangulizi na hitimisho. Ile ya zamani ilishapandishwa na mwanafunzi mwingine, pengine chuo cha mji wa pili kutoka kwako. Ndiyo maana ukapata 41.

Kuhusu kumpa nusu: mteja aliyelipa tishio la kwanza anawekwa kando kama ng'ombe wa maziwa. Nimeona orodha hiyo kwa macho yangu, imeandikwa "wanaolipa". Waliokaa kimya hawakuwa na orodha.

Mgeni_wa_Baridi
Lakini ile ripoti ya asilimia 4 ilikuwa na nembo na kila kitu. Walinitengenezea ya uongo?

Kalamu_Nairobi
Ifungue tena. Ukurasa wa kwanza kuna jina la faili, tarehe na "Word Count". Linganisha na esei uliyopewa.

Mgeni_wa_Baridi
Mungu wangu. Inasema maneno 2,114. Yangu ina 3,046. Na tarehe ni ya mwaka jana.

Kalamu_Nairobi
Ripoti ni ya kweli, ila ni ya kazi ya mtu mwingine. Hutumwa hiyohiyo kwa kila mteja.

Dodoma_Kwetu
Na mimi yamenikuta. Nililipa laki tatu stationery moja karibu na chuo waniandikie pendekezo la utafiti, sura ya pili ikaja na "wilaya ya Kisumu" wakati mimi natafiti Kondoa. Msimamizi akacheka mpaka akavua miwani. Swali langu, hivi laki tatu yangu naidai wapi? Jamaa bado yupo palepale, tunasalimiana.

Kifaru_Mzee
Mnasalimiana 😂

Bi_Tumu
Mgeni, pole. Nimefanya kazi miaka sita kwenye ofisi ya ushauri ya umoja wa wanafunzi huku Uingereza, kesi kama yako nimekaa nazo mezani nyingi. Kabla ya yote nijibu: ulimwambia Mwalimu kwamba una kikao Jumanne?

Mgeni_wa_Baridi
Hapana. Nilimwambia tu asilimia 41.

Subiri... kajuaje?

Bi_Tumu
Kasoma barua pepe yako. Bado ana nywila yako. Badilisha sasa hivi kabla hujaendelea kusoma uzi huu, kisha ingia mysignins.microsoft.com kama chuo chenu kinatumia Outlook. Bonyeza "Sign out everywhere". Halafu tazama "Recent activity", piga picha ya kila kuingia ambako si kwako. Angalia na "Rules" ndani ya Outlook, wengine huacha kanuni ya kujitumia nakala ya barua zako hata ukibadilisha nywila.

Mgeni_wa_Baridi
Nimerudi. Kuna kuingia mara nne kutoka Kenya, ya mwisho jana usiku. Rules hakuna kitu. Nimebadilisha, mikono inatetemeka.

Bi_Tumu
Vizuri. Sasa unaelewa kwa nini siungi mkono ushauri wa kusema ulinakili mwenyewe. Hizo picha ulizopiga, idara ya kompyuta ya chuo inazo pia. Wakiangalia nani alifungua slaidi za somo lile wataona Nairobi saa nane usiku, wakati wewe ulikuwa zamuni. Ukishasema "ni mimi" kikaoni, na kesho yake Mwalimu akatuma ile barua, utakuwa na makosa mawili: kununua kazi, na kukidanganya kikao. La pili mara nyingi ndilo linalomaliza watu. Na uongo wenyewe unampa Mwalimu kitu kipya cha kukuuzia, maana kuanzia hapo hata ukishapata cheti atakuwa anajua jambo ambalo chuo hakijui.

Tuliza ana ukweli kwa upande mmoja. Kununua kazi kunahesabiwa kosa zito kuliko kunakili, na vyuo vingine hufukuza. Sikufichi. Ila nilioona wakibaki ni wale waliosema wenyewe mapema, tena kosa la kwanza, wakaonyesha na vitisho. Sikuahidi kitu, kila chuo kina kanuni zake.

Kuhusu sheria usiogope polisi. Tangu 2022 England imefanya kosa la jinai kuuza huduma hizi kwa wanafunzi, na mwenye kosa ni muuzaji. Kumtisha mtu umdai hela nako ni jinai chini ya Theft Act ya 1968, kifungo mpaka miaka 14. Piga 101 uripoti, upate namba ya kesi. Sikwambii watamkamata mtu aliyeko nje, ila namba hiyo ukiiweka mezani Jumanne inaonyesha hukutunga.

Tuliza_Boli
Bi Tumu nakubali la kuingia kwa nywila, sikulijua. Lakini viza je? Akifukuzwa anarudi nyumbani.

Bi_Tumu
Chuo kikimwondoa masomoni kinalazimika kuijulisha Home Office, na viza hukatwa, kwa kawaida anabakiwa na siku kama 60. Ndiyo hatari yenyewe. Ila haipungui kwa kumlipa Mwalimu, kwa sababu 41 tayari iko kwenye mfumo na kikao kipo.

Pesa_Makaratasi
Naongezea, benki za huku siku hizi zinalazimishwa kurudisha hela za utapeli, tangu Oktoba 2024. Dada piga simu benki, 180 yako inarudi yote.

Bi_Tumu
Si kwake. Kanuni ile ni ya uhamisho wa benki kwenda benki ndani ya Uingereza, ya kutuma nje haimo. Na benki inaruhusiwa kukata mpaka pauni 100 za kwanza. Ile 60 ya kadi ni njia nyingine, anaweza kuomba benki iirudishe kwa kuwa alicholetewa sicho. Ningemshauri asubiri kikao kipite. Kutaja benki ndiko kulikowafanya hawa waanze vitisho.

Kalamu_Nairobi
Hapo Bi Tumu tunatofautiana kidogo. Akidai kwa benki, ile akaunti ya linki inaanza kuhesabiwa malalamiko, na yakizidi inafungwa. Hicho ndicho kitu pekee wanachokiogopa. Ningemdai leo.

Bi_Tumu
Kwa kuwaumiza wao, sawa. Mimi namwangalia yeye na Jumanne yake.

Mgeni_wa_Baridi
Na kama nikinyamaza, atatuma kweli?

Kalamu_Nairobi
Wengi hawatumi. Wakituma wamepoteza cha kukutishia, na barua haiwalipi. Lakini nimeona aliyetuma, kwa hasira tu, mteja alikuwa amemtukana mama yake. Kwa hivyo usimjibu, usimtukane, usimbloku leo. Hifadhi mazungumzo yote kwanza. WhatsApp ina "Export chat", itumie, maana anaweza kufuta upande wake.

Mgeni_wa_Baridi
Wakuu, leo Alhamisi. Nimekwenda ofisi ya umoja wa wanafunzi. Mama mmoja wa pale amenisaidia kuandika maelezo kurasa mbili, nimesema yote, na ya nywila pia. Atakaa na mimi kikaoni. Polisi wamenipa namba. Mwalimu ameniandikia mara tisa tangu jana. Sasa ameshuka mpaka 250, na anasema hiyo ni bei ya undugu.

Yule dada wa grupu nimemuuliza. Anasema hata yeye anamlipa Mwalimu kila mwezi, tangu Septemba.

Dodoma_Kwetu
Mwambie aje humu.

Mgeni_wa_Baridi
Nimemwambia. Ameusoma uzi, hajajibu.