Naomba ushauri: jibu la roboti yetu lina adabu lakini wanachama wanakasirika

Kalamu_Kayole
Wadau, habari za jioni. Ninaandika majibu ya roboti ya WhatsApp ya chama cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Inatoa salio, taarifa ya akaunti na hali ya mkopo, basi. Lakini watu huuliza mengine, hasa pesa za M-Pesa walizotuma kwa nambari isiyo sahihi. Jibu letu: "Samahani sana, ombi lako liko nje ya huduma zetu. Tunathamini subira yako. Andika MENU." Wanarudia swali lile lile kwa hasira. Nililainishe vipi?

Nyaboke_Roysambu
Anza na pole. Mtu aliyepoteza pesa anataka kwanza asikike.

Baba_Wawili
Kukataa ni kazi ngumu. Mimi jamaa wakiniomba mkopo nawaambia mwezi umekwisha vibaya. Shemeji yangu hajaniongelesha tangu Pasaka.

Fundi_wa_Majibu
Baba Wawili, anauliza kuhusu roboti. Kalamu, pole moja inatosha, zikizidi zinafunika kile mtu anachotafuta. Niambie: baada ya MENU, anayerudia swali anapata nini?

Kalamu_Kayole
Anapata menyu tena.

Fundi_wa_Majibu
Na usiku?

Kalamu_Kayole
Usiku tumeongeza: "Ombi lako limepokelewa, mhudumu atakupigia hivi punde." Ofisi hufungwa saa kumi na moja jioni, kwa hivyo hakuna anayepiga mpaka asubuhi. Lakini linawatuliza, na meneja ameshaliidhinisha. Sioni ubaya wake.

Fundi_wa_Majibu
Ubaya wote uko hapo. Aliyekosea nambari anashindana na yule aliyepokea. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu mno. Wewe umemwambia akae asubiri simu. Afadhali ungemkatalia wazi, angetafuta njia nyingine. Andika hivi:

"Pole. Pesa iliyotumwa kwa nambari isiyo sahihi hushughulikiwa na Safaricom, sisi hatuwezi kuirudisha. Tuma sasa hivi ule ujumbe wa M-Pesa wa muamala huo kwa 456. Usimpe mtu yeyote PIN yako. Ukitaka salio lako la chama, andika SALIO."

Limetaja shida yake kwa maneno yake mwenyewe, kwa hiyo anajua ameeleweka. Limesema nani mwenye uwezo. Limempa hatua anayoweza kuichukua akiwa amekaa hapo hapo. Huduma zenu zimekuja mwisho, kwa sababu si hizo alizozijia.

Shahidi_Githurai
Mimi naona hii hadithi imetungwa. Chama gani kitaweka ahadi ya simu isiyopigwa? Ni kampuni inatafuta kuandikiwa majibu bure.

Kalamu_Kayole
Sikutunga. Haya ni mazungumzo ya juzi, nimeondoa jina:

"Nimetuma 12,000 kwa nambari si yangu nirudishieni"
"Ombi lako limepokelewa, mhudumu atakupigia hivi punde."
"Napigiwa saa ngapi"
"Ombi lako limepokelewa, mhudumu atakupigia hivi punde."
"Mko wapi jamani"

Nyaboke_Roysambu
Huyo alikaa na simu mkononi usiku mzima. Nafuta ushauri wangu wa pole.

Shahidi_Githurai
Bado sijaridhika, lakini hilo jibu la usiku liondolewe hata kama ni hadithi.

Fundi_wa_Majibu
Usiifute pole, Nyaboke. Kalamu, soma kila siku ujumbe unaofuata baada ya roboti kukataa. Akirudia swali, jibu limeshindwa. Akiandika "asante" au akanyamaza, huenda limefaa, ingawa kimya peke yake hakithibitishi kitu. Na usitumie jibu moja kwa kila jambo. Roboti isipoelewa swali, iombe liandikwe upya. Ikielewa ila si kazi yenu, ielekeze. Kuna na yale mnayoweza kufanya lakini hamruhusiwi.

Kalamu_Kayole
Kama mke anayeuliza salio la mumewe? Tunajibu: "Akaunti ya mume wako ni ya siri."

Fundi_wa_Majibu
Hapo umeshamwambia mume ana akaunti kwenu. Pengine hakujua. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu. Andika: "Kwa nambari hii tunaweza kutoa taarifa za mwenye nambari pekee. Kama unafuatilia akaunti ya mtu mwingine, fika ofisini na kitambulisho na barua ya idhini yake." Jibu liwe hilo hilo, mume awe mwanachama au asiwe.

Kalamu_Kayole
Hilo nalichukua. Lakini meneja hataki tutaje nambari za kampuni nyingine. Anasema zikibadilika lawama ni yetu.

Baba_Wawili
Meneja ana hoja. Mimi nilishawahi kuelekezwa kwa nambari iliyokufa.

Fundi_wa_Majibu
Ana hoja, ndiyo. Basi apewe mtu mmoja jukumu la kuzijaribu kila mwezi. Kama hamna wa kufanya hivyo, andika "wasiliana na Safaricom" bila nambari, ingawa saa nne usiku jibu hilo ni dhaifu zaidi. La usiku lifute leo, usingoje kikao.

Kalamu_Kayole
Lina sahihi ya meneja. Nitampelekea hayo mazungumzo ya 12,000 kesho asubuhi.

Nyaboke_Roysambu
Na leo usiku, atakayeandika?