Tupeane uzoefu: mnamwelekezaje bodaboda mpaka akafika getini?

Mama wa Muyeye
Wenzangu wa Malindi, juzi mtungi wangu wa gesi ulizungushwa mitaani dakika 40, na wali wangu umeshika maji jikoni. Nilimwambia kijana, "Njoo Muyeye, ukipita msikiti, geti la buluu." Nikaona nimeshamaliza. Kumbe njia aliyoshika yeye ina msikiti wake, na mageti ya buluu ni matatu.

Alipopiga mara ya tatu nikaanza upya. Nikamwuliza, "Uko wapi sasa, na mbele yako waona nini?" Akasema yuko kwenye mashine ya kusaga unga, mji ameupa mgongo. Basi nikamwambia: "Nenda hivyo hivyo, hesabu matuta. Ukivuka la pili, mkono wako wa kulia kuna mkwaju, chini yake fundi viatu. Kata kulia hapo. Mkono wa kushoto utaona tangi jeusi la maji juu ya nguzo za zege, hapo ndipo kwangu. Ukifika kwa kinyozi, umenipita." Dakika 4, nasikia honi. Ninyi mwafanyaje?

Boda wa steji
Mama, hilo swali la "uko wapi sasa" ndilo watu hawaulizi. Mtu aniambia "kata kushoto" na hajui natokea upande gani. Kushoto kwake aliyesimama getini akitazama barabara si kushoto kwangu. Na hiyo alama ya kujua nimepitiliza inaniokoa sana, maana bila hiyo naweza kwenda mpaka mashambani nikingojea tangi.

Ila alama ziwe za kukaa. Nimeambiwa "hapo kwa mama wa mahamri" saa 5 mchana, mama keshauza keshaondoka. Nimeambiwa "penye lori bovu", lori limevutwa wiki iliyopita. Na usiku mkwaju hauonekani vizuri, fundi viatu hayupo. Ukiagiza baada ya magharibi nipe kitu chenye taa, au toka na tochi usimame barabarani.

Kijana wa Casuarina
Mambo ya mikwaju ya nini? Tuma pini ya WhatsApp, kwisha.

Boda wa steji
Pini nzuri, sikatai. Lakini wengi mwaituma mkiwa chumbani, simu haijashika vizuri. Wiki jana pini ilinileta nyuma ya ukuta wa mteja. Nilikuwa nasikia redio yake, lakini geti liko kichochoro kingine, nikazunguka mtaa mzima. Toka usimame getini, ngoja ile duara kwenye ramani ipungue iwe ndogo, ndipo utume. Halafu niongezee maneno: geti linatazama upande gani. Na bando langu likiisha, hayo maneno ndiyo yatakayonifikisha.

Bi. Mkubwa wa Shela
Mimi langu ni namba. Laini yangu mpya yaanza na 01. Niliitaja kwa simu haraka haraka, muuzaji akaandika 07 kwa mazoea. Mwendeshaji akampigia mtu mwingine kabisa, samaki wangu wakarudi dukani. Tangu siku hiyo naitaja polepole: "sifuri, moja, moja," napumzika, kisha tatu, kisha nne, na mwisho namwambia anisomee. Tarakimu ni 10; zikipungua au zikizidi, twaanza tena. Sita na saba pia zasikika karibu karibu penye upepo.

Mwanakwetu Lamu
Huku kwetu Langoni pikipiki haiingii vichochoroni. Mzigo wangu wa saruji ulikuja kwa punda, na mwenye punda alijua nyumba ya babu yangu kwa jina. Sijawahi kuulizwa namba.

Mama wa Muyeye
Ami, hayo ni ya Lamu na mna bahati. Mimi jirani yangu wa pili hajui jina langu.

Bi. Mkubwa wa Shela
Nimesahau jambo. Niliagiza kwa laini moja nikashika simu yenye laini nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa chaji imekwisha, kabatini. Mpeni namba ya simu iliyo mkononi, na ya mtu wa pili aliye nyumbani.

Mpangaji wa Barani
Nami naishi peke yangu. Kumweleza mtu nisiyemjua tangi, geti na namba yangu kunanitia wasiwasi. Siku hizi namwambia aishie kwa mkwaju, mimi natoka kumpokea.

Boda wa steji
Dada, kwa mzigo mdogo sawa, hata mimi napenda, maana sizunguki. Lakini mtungi wa kilo 13 utaubeba wewe kutoka mkwajuni?

Mpangaji wa Barani
Mtungi namwita kaka yangu aje siku hiyo. Kama kuna aliyepata njia nyingine, aniambie.