SWR 1.6 chini ya mnara: ninunue tyuna, nibadili kebo, au nipande juu?

Kibirizi_Kituo
Wakuu, nina redio kol ya boti hapa Kigoma, wati 25, kwenye masafa ya 156 MHz. Antena iko juu ya mlingoti, na kebo ni RG-58 ya mita 30. Tulipofunga, kipimo cha SWR kilisoma 1.1. Tangu mvua zianze kinasoma 1.6. Zamani boti zilitusikia hadi karibu na Kagunga, sasa hata kabla ya kupita Gombe zinatupotea. Nimeambiwa ninunue tyuna niiweke karibu na redio, mwingine anasema kebo nene. Kipi kitangulie?

Mzee_wa_Masafa
Kaka, 1.6 ni ya kawaida kabisa. Kinachorudi hapo ni kama asilimia 5 tu ya nguvu, na boti haiwezi kuhisi tofauti hiyo. Antena yako ni nzima, angalia redio za hao wenye boti.

DerevaUrambo
Mimi ya kwangu ni ya gari, 27 MHz. Ilikuwa inasoma 3, nikakata fimbo ya antena kidogo kidogo, ikashuka. Kata sentimita moja, pima, kata tena.

FundiMlingoti
Kibirizi, usikate kitu kwanza. Antena iliyokuwa 1.1 haijirefushi kwa mvua.

Mzee, hesabu yako ya asilimia 5 ni sahihi, ila ni ya pale kipimo kilipo, chini. RG-58 ya mita 30 kwenye masafa hayo inakula takribani desibeli 6, yaani robo tatu ya nguvu. Wati 25 zikiondoka, zinafika juu 6 hivi. Tuseme antena imekatika kabisa na zote zinarudishwa. Zikishuka, kebo inazila tena robo tatu, kipimo kinaona wati moja na nusu tu. Wati 25 kwenda na moja na nusu kurudi, hiyo ni SWR ya kati ya 1.6 na 1.7. Kwa kebo hiyo, hata ukiondoa antena ukaitupa ziwani, kipimo hakivuki 1.7. Kwa hiyo 1.6 yako iko karibu na dari. Huko juu nguvu karibu yote inagonga ukuta na kurudi.

Jambo jingine, tatizo lingekuwa karibu na redio kipimo kingeruka juu sana, maana nguvu inayorudi isingekuwa na safari ndefu ya kuliwa. Tafuta juu.

Kibirizi_Kituo
Kwa hiyo tyuna?

FundiMlingoti
Tyuna ukiiweka chini itaifanya redio ione ohm 50 na itulie, lakini kebo iliyo juu yake inabaki na mawimbi yaleyale yanayorudi na kupotelea njiani. Boti haitapata chochote cha maana. Kebo nene ni nzuri: RG-213 ya urefu huo inakula chini ya nusu, utafikisha juu wati 13 au 14. Ila ukiibadilisha kabla ya kurekebisha antena, kipimo kitapanda hadi 3 na zaidi, nawe utadhani umeuziwa kebo mbovu. Kumbe ndiyo imeanza kusema ukweli.

Fanya hivi. Mtu apande na mkanda wa usalama, afungue konekta ya antena, aache kebo wazi, akae mbali nayo. Wewe chini weka wati 1, chaneli ya kazi, si 16, bonyeza sekunde mbili. Kipimo kikibaki palepale, ujue kwa siku zote hizi hukuwa na antena.

Mzee_wa_Masafa
Sikuwa nimefikiria njia ya kurudi. Lakini je, kebo ikiingia maji si SWR ingeshuka zaidi, kwa kuwa inakula zaidi? Sasa mbona imepanda?

FundiMlingoti
Swali zuri. Ndiyo maana nadhani maji yako kwenye konekta zaidi kuliko ndani ya kebo yote. Nadhani tu, sijaiona.

Kibirizi_Kituo
Nimerudi. Kijana amepanda asubuhi. Kebo ikiwa wazi: 1.65. Ikiwa na antena: 1.6. Konekta imetoa matone ya maji, pini ya katikati ilikuwa imekuwa kijani na imeachia. Tumeweka mpya, tumezungushia mpira wa kuziba, kipimo kimerudi 1.1. Boti imetusikia ikiwa mbele ya Gombe, ila kwa shida, Kagunga bado. Tulipochuna kebo sentimita kama 40 kutoka kwenye konekta, waya wa kusuka ulikuwa mweusi.

FundiMlingoti
Basi maji yameshuka, kebo inakula zaidi, na hiyo 1.1 usiiamini. Endelea kukata hadi ukute shaba inayong'aa.

DerevaUrambo
Kwa nini asipandishe redio yenyewe, kebo iwe mita 10?

Kibirizi_Kituo
Chumba cha juu hakina umeme. Ngoja nipime ni mita ngapi zimekuwa nyeusi.