Siku ya tisa gesti Kigoma, hakuna jiko: nile nini usiku?

Kutoka: Baba Zuwena (Maskati, kwa sasa Mwanga, Kigoma)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za huko mliko. Waha wote, mwakeye.

Nilikuja kwa siku tatu, leo ni ya tisa. Karatasi moja ina Shabani, nyingine ina Shaban. Kuna ofisi (jina lake silitaji, bado nina shida nayo) kila nikifika dirishani naambiwa faili liko kwa mkubwa, na mkubwa yuko semina. Jana nimepewa fomu nijaze, ndiyo ile ile niliyojaza Jumatatu iliyopita.

Chumba changu kina kitanda, meza na feni. Friji hakuna. Mlangoni wamebandika MARUFUKU PASI, HITA NA JIKO LA UMEME. Mchana nakula kwa mama lishe, sina neno. Taabu ni usiku, maana kutoka tena kwenda kutafuta chakula sitaki. Juzi saa 7 mchana nilifungiwa wali maharage, nikala nusu, nusu nikaifunika kwenye kontena nikaiacha mezani. Saa 3 usiku nikaimalizia. Saa 5 nilikuwa nimekumbatia ndoo. Asubuhi nikaamka mzima, ila magoti hayana nguvu.

Maswali mawili. Usiku nile nini bila jiko? Na hili la majina, kiapo cha wakili kinatosha au lazima dipoli?

Kutoka: Mussa (Lusaka)

Pole ndugu yangu. Kosa lako ni moja tu, hukupasha. Ungemwomba mhudumu akupashie huo wali ungekuwa unacheka sasa hivi.

Halafu mtu yuko Kigoma anauliza ale nini? Teremka Kibirizi, nunua dagaa wakavu kilo moja, tafuna na karanga. Ukimpata mtu anayetoka Tabora na treni akuletee michembe. Ile haiozi, utakula mpaka huyo mkubwa astaafu.

Kutoka: Mama Sikonge (Toronto)

Mwangaluka. Kaka Mussa, michembe haitafunwi! Ni kiazi kibichi kilichonyaushwa, kikakatwa, kikaanikwa. Kumpa mtu asiye na jiko ni kumpa kuni bila kiberiti. Unayotaka kusema ni matobolwa, ambayo viazi vilichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Hayo unatia mdomoni moja kwa moja.

Sokoni wanaweza kuyaweka mafungu mawili pembeni kwa pembeni, kwa hiyo angalia. Mchembe ni mweupeweupe, una vumbi kama chaki. Tobolwa ni la kahawia, gumu, limekaza kama ngozi. Ukiling'ata halitoi kitu kwanza. Liache mdomoni kidogo, linalainika, ndipo utamu unatoka. Bibi yangu alikuwa akinipa manne na kikombe cha chai ya rangi, nashiba hadi jioni. Hapa kuna theluji hadi dirishani na nimebakiwa na mfuko mmoja tu, nayahesabu.

Kutoka: Bibi Afya Mstaafu (kwa binti yangu, Birmingham)

Wanangu hamjambo. Nimekuwa bibi afya miaka mingi, Kigoma kwanza, kisha Tabora. Vigenge nilivyofunga ni vingi kuliko vile mlivyowahi kukaa mkala.

Mussa, kupasha kusingemwokoa. Kwenye wali kuna kijidudu ambacho mbegu zake zinavumilia maji yanayochemka. Wali ukiiva, zenyewe bado zimo. Ukipoa polepole, tena umefunikwa na mvuke wake, zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu. Moto wa kupasha unaua kijidudu, lakini sumu yake ya kutapisha inabaki pale pale. Mtu anatapika ndani ya saa 1 hadi 6, na kesho yake anasimama. Sikumpima Baba Zuwena, ila mwenendo wake ndio huo. Wali umekaa saa 8 mezani kwenye joto la Kigoma! Chakula kilichopikwa, chenye unyevu, kikishatoka motoni tunakihesabia muda wa saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, saa 1.

Kwa hiyo mwanangu, usiku usitafute kiporo kinachovumilia. Tafuta kikavu kabisa, au kitu ambacho ganda lake hujalifungua mpaka dakika ya kula: ndizi, parachichi, chungwa, embe unalomenya mwenyewe. Tunda lililokatwa likapangwa kwenye sahani ya muuzaji usiguse.

Maziwa ya boksi yanayokaa bila friji yanakaa kabla hujakata boksi. Ukishakata ni maziwa kama mengine. Chukua la mililita 250 unywe lote, hilo la lita litakuponza.

Sasa dagaa. Dagaa wa jua hawajaiva, wamekauka tu. Wengi wameanikwa mchangani, kuku na mbuzi wanapita juu yao. Hao ni wa kuosha na kukaanga. Wewe nunua waliokwisha kukaangwa, na usinunue kwa macho. Chukua mmoja umvunje. Akivunjika kwa mlio, amekauka hadi ndani. Akipinda, ana maji, huyo ni wa kula leo tu. Kisha nusa mfuko. Ukinuka kama rangi ya mlango, mafuta yamechacha.

Na mgebuka wa kukaanga usimchukulie kama dagaa mkubwa. Nje anang'aa, lakini mpasue mgongoni utaona karibu na mfupa nyama bado ina maji. Huyo analiwa wa moto, halali chumbani.

Karanga nzuri, ila iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu iteme. Sumu ya ukungu ule haimalizwi na kikaango.

Kutoka: Mussa (Lusaka)

Bibi shikamoo. Kwa heshima zote, mimi dagaa wa jua nimewatafuna tangu 1978 na sijafa.

Kutoka: Bibi Afya Mstaafu

Marahaba. Waliokufa hawaandiki humu.

Kutoka: Mzee wa Ujiji (Copenhagen)

Baba Zuwena, kuwasafirisha dagaa hadi Maskati ni rahisi. Wafunge kwenye nailoni mara tatu, gazeti katikati, weka kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, siyo la mkononi. Mimi mara ya mwisho abiria wa pembeni alihama kiti.

Lakini dagaa wenyewe mtawapata wapi? Angalieni mwezi kwanza. Mbalamwezi ikiwa kubwa vipe, vile vyombo vya kuvulia kwa taa, haviingii ziwani, maana taa haziwavuti dagaa, na hapo unayeuziwa "wa jana usiku" ni wa wiki iliyopita. Na 2024 ziwa lilifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Dada yangu pale Ujiji alikula maharage hadi akawa ananipigia simu kunilaumu mimi. Sipingi kufungwa. Tulimaliza wenyewe kwa vyandarua. Ila hao wakubwa wanaoamua mambo ya ziwa ndio hao hao tuliowaomba uraia pacha wakatuletea hadhi maalumu, na mtu aliyezaliwa mita 200 kutoka mwembe wa Livingstone leo anaulizwa...

Kutoka: Msimamizi

Mzee wetu, siasa zina uzi wake. Na ndugu haulizi kusafirisha dagaa, anauliza chakula cha usiku.

Kutoka: Rehema (Doha)

Mimi yaliyonikuta Tabora 2019, nikifuatilia TIN ya marehemu baba. Gesti ilikuwa na birika la umeme chumbani. Nikajifanya mjanja, nikatia mayai manne. Mawili yakapasuka, ute ukafunika koili, birika likatoa moshi, korido nzima giza. Nikalipa birika jipya, na mpaka naondoka walikuwa wananiita Dada Mayai.

Ushauri: omba mapokezi chupa ya maji moto, changanya na unga wa uji wa lishe kwenye kikombe. Kwisha.

Kutoka: Bibi Afya Mstaafu

Rehema mwanangu, unga mbichi hauivi kwa maji ya chupa. Utapata matope ya vuguvugu na tumbo kujaa. Maji hayo ni ya chai na maziwa ya unga. Mayai anunue yaliyochemshwa, yakiwa bado ya moto na maganda yake, ale palepale.

Kutoka: Mama Sikonge (Toronto)

Na asali jamani! Asali ya Tabora haihitaji friji wala mpishi. Mkate na asali, mtu analala. Ila nyuki wetu wa miombo asali yao ni nyeusi kidogo, wanaouza ile ya njano kama soda wamechanganya.

Kutoka: Bibi Afya Mstaafu

Asali sawa kwa mtu mzima. Kama Zuwena ana mtoto chini ya mwaka mmoja asionjeshwe hata ya kidole. Ila rangi si kipimo, Mama Sikonge. Rangi inatokana na maua. Ya njano inaweza kuwa safi na nyeusi ikawa ya sukari guru.

Kutoka: Mama Sikonge (Toronto)

Baba yangu alifuga nyuki miaka arobaini. Sukari guru tunaijua.

Kutoka: Baba Zuwena (Mwanga, Kigoma)

Ahsanteni sana. Taarifa fupi kabla umeme haujakatika.

Jana mchana nilifika kwa mama lishe saa 6 kamili, sufuria ndiyo inaepuliwa. Ugali wa muhogo na mgebuka wa moto, nikamaliza vyote, hakuna kufungiwa. Jioni sokoni Mwanga nikavunja dagaa wa muuzaji wa kwanza, akapinda. Mama akaniangalia kama mwizi. Wa tatu ndiye aliyevunjika "ta!", nikachukua vikombe viwili. Mkate mdogo, karanga, ndizi mbivu tatu, parachichi moja. Parachichi nililipaka kwenye mkate, dagaa juu yake, chumvi nikaomba mapokezi. Tumbo limetulia. Dagaa waliobaki nimewafunga kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza kwa sababu ya sisimizi, na asubuhi nimemvunja mmoja tena: bado ana mlio.

Matobolwa sijayaona hapa, kama kuna anayekuja na treni anikumbuke.

Mkubwa amerudi semina. Sasa faili ndilo halionekani. Lile swali langu la pili, kiapo au dipoli, kuna mtu aliyelisoma?

Kutoka: Mussa (Lusaka)

Kwani NIDA yako imeandikwa Shabani au Shaban?

Kutoka: Baba Zuwena (Mwanga, Kigoma)

Shabaan.