Naomba ushauri: wakosoaji wa hoja ya chanzo cha imani niwaelezeje bila kuwaonea?

Habarini wakuu, wiki ijayo naprezenti darasani hapa Dar ile hoja ya mwanasaikolojia Justin Barrett kwamba akili yetu inawahi mno kuhisi kuna mtu, majani yakitikisika usiku kule Mbagala unashtuka mwizi huyo, na eti hapo ndo imani ya majini na mizimu inapopata nguvu. Sasa watafiti Van Leeuwen na van Elk mwaka 2019 waliigeuza hiyo hoja, ukimulika ukaona ni paka, hofu imeisha, anayebaki anasema jini ni yule aliyeshafundishwa majini toka utotoni, yani imani inatangulia. Mwenzangu kwenye grupu anataka tuwaite watetezi wa dini, mi nakataa kabisa, wanachobishia ni ushahidi na Barrett mwenyewe ndo Mkristo. Niwaweke mwanzoni au niwajibizanishe na Barrett hatua kwa hatua?